Tangazo la Miezi Mitatu

Ndugu zangu, leo naomba mnisikilize habari ya mfugaji mmoja wa kuku. Msimtafute mtaani kwenu, nimemtunga mwenyewe. Ila mkimwona amekaa karibu yenu kwenye benchi, msimnyooshee kidole.

Bwana huyu alikuwa na ukurasa mtandaoni. Alifundisha namna ya kufuga kuku chotara: chanjo ya mdondo inatolewa lini, banda lielekee upande gani, pumba zichanganywe vipi. Alianza na watu thelathini. Baada ya miaka minne walikuwa elfu arobaini na mbili, na wote walimwita Mwalimu. Alijibu maswali asubuhi, akajibu mezani, akajibu akiwa amesimama foleni ya kunyoa. Siku moja, alipokuwa anamwelekeza mtu wa mkoa wa mbali jinsi ya kuwapa vifaranga joto, vifaranga vyake mwenyewe hamsini na sita vilikufa kwa baridi nyuma ya nyumba. Jiko la mkaa lilizimika, yeye hakujua.

Hapo akashtuka. Akamwambia mkewe, "Mama Tumsifu, nimeamua. Napumzika mtandao miezi mitatu. Nataka nirudi kuishi maisha yangu kabla nayo hayajafa kwa baridi."

Mkewe akaacha kuchambua mchele. "Kweli?"

"Kweli kabisa. Jumatatu ijayo!"

Bwana yule alifurahi kama mwanafunzi aliyesikia shule inafungwa. Akaketi akaandika tangazo lake la kuaga. Lilipokamilika akalisoma kwa sauti. Lilianza na historia ya ufugaji. Katikati likawasema watu wanaouliza swali lililokwisha jibiwa. Likaeleza habari za shinikizo la damu, macho na usingizi. Likamalizia kwa kusema kwamba mitandao inaharibu jamii.

Mkewe akauliza, "Baba Tumsifu, unaaga au unahutubia bunge?"

"Lazima waelewe sababu!"

"Ukitoa sababu, wataijadili. Mmoja atakuletea dawa ya presha, mwingine atasema umejikweza. Halafu hawa unaowaambia mtandao ni mbaya, wewe unawaacha humohumo. Mgeni anayeondoka hasemi chakula kilikuwa na chumvi nyingi."

Bwana akacheka, akafuta. Wakalitengeneza pamoja, mume anaandika, mke anapunguza. Lilipokwisha lilikuwa hivi:

"Ndugu zangu wafugaji, kuanzia Jumatatu tarehe mbili Juni hadi mwisho wa Agosti sitakuwapo hapa. Hakuna ubaya wowote, napumzika. Masomo yote ya nyuma yatabaki mahali pake. Mwenye kuku anayeumwa amwone daktari wa mifugo aliye karibu naye, asinisubiri mimi. Asanteni kwa yote mliyonifundisha. Ambaye swali lake sikulijibu, naomba anisamehe. Mungu akitujalia, tutaonana Septemba."

Basi. Mistari michache. Mtu anajua unaondoka lini, unarudi lini, na akipatwa na shida aende wapi. Hakuna aliyelaumiwa. Je, si uungwana huo?

Akalituma siku ya Ijumaa, si Jumapili, ili mwenye swali la haraka apate siku mbili za kuuliza. Akalibandika juu kabisa ya ukurasa, mgeni yeyote akifungua alikute la kwanza. Kundi la wafugaji la kwenye simu akalikabidhi kwa mama mmoja makini wa kata ya jirani, akamfanya admini mbele ya wote, kisha akajitoa. Kwenye ujumbe wa faragha akaweka jibu linalojituma lenyewe, lenye maneno yaleyale. Akaunti hakuifunga, maana ukifunga nyumba na masomo yanafungiwa ndani. Ila programu yenyewe angeiondoa kwenye simu Jumapili jioni.

Na majibu yakaja! Lo, yalivyokuja! "Nenda salama Mwalimu, vifaranga tutavilea." "Mwalimu, jogoo wangu amesikia habari, leo hakuwika." "Tangu nijiunge na mtandao, huyu ndiye mtu wa kwanza kuniaga vizuri." Bwana alikuwa akisoma anacheka, anapiga paja. Kila dakika tano anaita, "Mama Tumsifu, sikiliza na hili!"

Jumapili jioni akamwita mara ya mwisho. "Mama Tumsifu! Watu elfu sita wamelipenda. Elfu sita! Wanasema hawajawahi kuona mtu anaondoka kwa heshima namna hii. Na wewe ndiye uliyelipunguza. Unalionaje?"

Mkewe akafuta mikono kwa khanga, akaketi. "Ni zuri sana," akasema. "Nami nasubiri la kwangu."

"Lako lipi?"

"La siku ile ulipoondoka hapa."

"Mimi? Mimi sijaondoka. Miaka yote niko humu ndani!"

"Ulikuwa umekaa humu ndani, Baba Tumsifu. Watu usiowajua umewaambia siku ya kuondoka na mwezi wa kurudi. Ambaye hukumjibu umemwomba radhi. Mimi nilikuuliza mambo mangapi hukunijibu? Nilipopatwa na shida, uliniambia nimwone nani?"

Bwana akaiweka simu chini. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo, "Niliondoka lini?"

"Sijui. Hilo ndilo linaloniuma. Mtu akiaga, unajua pa kuanzia kuhesabu."

Ndugu zangu, mbona mnatazamana?

Hatukusikia kwamba bwana huyu alikuwa mlevi. Hakumpiga mtu. Alifanya kazi njema, na kuku wa watu wakapona. Nasi tunaondoka hivyohivyo. Wengine tumeondokea kwenye simu, wengine kwenye biashara, wengine kwaya, wengine kamati ya ujenzi. Wengine tumeondokea kwenye mimbari, nami sijitoi. Tukichelewa dakika kumi kwenye kikao tunapiga simu kuomba radhi. Wageni tunawaaga hadi getini. Walio wetu tunawaachia viatu mlangoni, wakiviona wadhani tupo. Nani kati yetu anakumbuka jambo la mwisho alilosimuliwa nyumbani kwake, akalisikia mpaka mwisho?

Lakini sikuja kuwahuzunisha asubuhi hii. Nimekuja na habari ya kufurahisha, nami naisema kwa nguvu zangu zote. Bwana yule alimuuliza mkewe, "Nikirudi, utanipokea?" Mkewe akasema, "Rudi kwanza! Mapokezi utayaona."

Rudi kwanza! Mnasikia? Hakumdai maelezo ya miaka minne. Alimtaka yeye. Na kama mwanamke wa mfano, mwenye moyo wa nyama, anaweza kusema hivyo, je, Mungu aliyetungoja siku nyingi kuliko hizo atasema nini tukifika?

Basi ibada ikiisha, usikae nje ukizungumza mpaka mchana. Nenda nyumbani. Kama ni mke, kama ni mume, kama ni mzee wako aliyezoea kujibiwa "ee" na mtu asiyemtazama, keti karibu naye. Usitoe sababu, ataijadili. Usilaumu mtu. Mwombe radhi kwa yale hukuyajibu. Mwambie: nimerudi, leo hii.

Wapo miongoni mwetu wasio na wa kumwambia tena. Wewe unaye, na sasa hivi anapika. Kimbia!