Kumi na Mbili kwa Arobaini

Legezeni mabega, wapendwa. Fumbeni macho kama mnataka, ila ninyi wa benchi la nyuma msikorome, nawajua.

Ioneni shule moja huko milimani, asubuhi ya ukungu. Ukungu umeingia mpaka darasani, unatembea polepole kati ya madawati. Vumbi la chaki linaelea dirishani, halina haraka ya kutua. Watoto wako nje, sauti zao zinasikika kama zinatoka mbali sana. Ndani yuko mwalimu peke yake, anasahihisha.

Mlango ukasukumwa, pwaa! Akaingia mama mmoja, kamshika mkono binti yake wa darasa la sita. Mama huyu alikuwa ameshatamka nyumbani: mtoto akipata chini ya nusu, shule ya hapa basi, anarudishwa kijijini kwa bibi yake. Na nguo za binti zilikuwa zimeshafungwa. Sasa mama alikuwa na karatasi ya hesabu mkononi.

"Mwalimu, shikamoo sikupi leo! Maswali kumi, mwanangu kapata majibu tisa. Tisa! Nimeyapeleka kwa jirani, kayahakiki. Wewe umempa kumi na mbili kwa arobaini. Hesabu gani hiyo?"

Mwalimu akamvutia kiti. "Karibu, mama. Kaa, tuitazame pamoja."

"Sikai!"

"Haya, tuitazame tumesimama. Kila swali lina alama nne. Tatu ni za njia, moja ni ya jibu. Ndiyo maana hapa juu imeandikwa: onesha njia. Haya tisa, jibu ni sahihi, lakini chini yake ni peupe. Nimempa moja moja. Hizo ni tisa."

"Na hili alilokosa? Mbona umempa tatu? Sahihi moja, kosa tatu! Mwalimu, umeamka salama kweli?"

Jamani, mngekuwa ninyi mngemjibuje? Mimi ningekuwa nimeshapandisha sauti. Mwalimu akaweka kidole kwenye karatasi, taratibu.

"Hili ni la tangi la maji. Urefu mita tatu, upana mbili, kina nne. Litajaa lita ngapi? Kaandika kanuni, sawa, alama moja. Tatu mara mbili, sita. Akazidisha kwa kina, njia ni ile ile, alama ya pili. Ila sita mara nne kaandika ishirini na nane. Hapo kateleza. Kutoka hapo namba zote zimeharibika, lakini mimi simkati kila mstari kwa kosa lile lile. Namfuata na hiyo ishirini na nane yake. Je, alizidisha kwa elfu moja apate lita? Alizidisha. Alama ya tatu. Amepoteza ya jibu tu. Tisa na tatu, kumi na mbili."

"Kwa hiyo hayo tisa unasema kaibia?"

"Sijasema hivyo, mama. Nasema sikuoneshwa njia, na nisichooneshwa sina ruhusa ya kukipa alama."

Mama akainyanyua karatasi akaielekeza dirishani, amwoneshe mwalimu vizuri yale majibu tisa. Mwanga ule mweupe ukapenya. Na pale palipokuwa peupe pakatokea alama za penseli, hafifu, mstari chini ya mstari, zote zimefutwa kwa raba. Ndizo njia za yale tisa, na zote zilikuwa sahihi.

Mama akashusha karatasi. "Mwanangu, kwa nini ulifuta?"

Binti akatazama sakafu. "Mama, wewe hupendi kuona nilipohangaika. Ukiona nimekatakata unanichapa. Hilo la tangi kengele ililia kabla sijalifuta."

Mama akakaa sasa, bila kukaribishwa. Alama hazikuongezwa hata moja. Akasema neno moja tu: "Kijijini haendi mtu." Kisha akalia.

Fumbueni macho. Sisi tunaingia humu kanisani tumepigwa pasi. Ukiulizwa hali ya nyumba yako: nzuri. Ndoa: nzuri. Jibu sahihi, chini yake peupe! Nani alitufundisha kufuta? Tuache kumsingizia Mungu. Yeye hututazama pale tulipoteleza, kisha hutufuata na hiyo namba yetu mbovu mpaka mwisho. Tunaochapana kwa mikwaruzo ni sisi kwa sisi.

Kwa hiyo, mzazi, nawe mume, nawe mzee wa kanisa unayecheka hapo, sikuombi sadaka kubwa leo. Ukifika nyumbani, kabla ya chakula, mwite mtoto wako umuulize amekosea wapi wiki hii. Na akianza kukueleza, mkono wako ubaki mapajani.