Kwa Nini Mkubwa Huanza na Benchi

Ulikuwepo wakati, enyi mnaosikiliza, ambapo benchi la wananchi katika ofisi ya ardhi ya wilaya ile yenye ukungu halikusalimiwa na mtu. Mkubwa alipoingia, watumishi walisimama kama majani yaliyopigwa na upepo mmoja, na mwananchi aliyekuwa akihudumiwa akaachwa na neno lake nusu mdomoni. Heshima ilipanda juu tu. Haikujua njia ya kushuka.

Katika siku hizo aliajiriwa Atuganile, karani wa masjala, binti aliyekuwa bado katika kipindi cha majaribio. Wadogo zake wawili walikula kwa kazi ile, naye kila asubuhi aliomba Mungu amfikishe siku ya kuthibitishwa.

Meneja wao, Bwana Kasyupa, aliwafundisha kwa uaminifu. Mgeni mkubwa akifika mlangoni, acha kalamu, simama bila kuburuza kiti. Mtazame kwa unyenyekevu, useme, "Shikamoo, mheshimiwa," kisha ungoje marahaba. Usimtangulizie mkono. Akikupa wake, upokee kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, na mgongo uiname kidogo. Akikuuliza, taja jina na kazi yako. Usiketi mpaka aseme, "Endeleeni." Hayo yote yalikuwa mema, na Atuganile aliyashika moyoni.

Ikatangazwa kwamba Katibu Tawala wa Mkoa, Mama Nahonyo, angekuja.

"Atu, leo usikohoe," Ambokile wa dawati la pili alimtania. "Ukikohoa, barua yako ya kuthibitishwa itapata mafua."

"Nyamaza, kaka, utaniletea kikohozi," akajibu, akinyoosha kola yake.

Lakini kabla ya gari kufika, aliingia Bibi Kisa, mjane asiyeona, aliyetembea tangu alfajiri bila kutia kitu tumboni. Jirani alikuwa amelisogeza jiwe la mpaka wa shamba lake. Alipoanza kueleza, maneno yakamwishia, miguu ikalegea. Atuganile akamdaka, akaketi naye benchini. Kichwa cha bibi kikatua mapajani pake, na vidole vikavu vikaushika mkono wake kwa nguvu kama vya mtoto mchanga.

Ndipo Mama Nahonyo akaingia.

Ofisi nzima ikasimama. "Shikamoo, mheshimiwa!" Sauti zikaenda pamoja. Atuganile alijaribu kuinuka. Bibi akaguna kwa maumivu. Moyo wa binti ukagawanyika. Aliiona barua yake ikipeperuka, akawaona wadogo zake mbele ya sufuria tupu, akahisi pia pumzi ile nyembamba juu ya goti lake. Akaketi palepale. Akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Shikamoo, mheshimiwa. Niwie radhi, nimebeba mtu."

"Atuganile! Simama!" Bwana Kasyupa alinong'ona kwa ukali, jasho likimtoka.

Mama Nahonyo hakujibu marahaba. Alisogea mpaka benchini, na kila hatua yake binti aliihesabu kuwa hukumu. Bibi Kisa akafumbua macho yasiyoona.

"Mjukuu, ni nani amesimama hapa?"

"Ni mkubwa wa mkoa, bibi."

"Ni mzee kuliko mimi?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. "Hapana, bibi," Atuganile akasema, machozi yakimlenga.

"Basi mbona sijasikia salamu yake?"

Ndipo yule aliyepigiwa saluti getini akapiga magoti juu ya saruji, gauni lake zuri likigusa vumbi, akaupokea mkono wa mjane kwa mikono yake miwili. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akutunze."

Akiwa bado magotini, akamgeukia binti. "Marahaba, mwanangu. Nani jina lako?" Akaagiza uji, na mpima ardhi aende shambani siku ileile. Kisha akamshika Bwana Kasyupa begani, kwa maana alimwona ameaibika. "Umewafundisha vema kusimama, kaka. Mimi ndiye sikufundishwa kutazama." Meneja akafuta uso wake, akaenda mwenyewe kuuleta uji. Juma lililofuata, barua ya Atuganile ya kuthibitishwa ikatoka, imetiwa saini na meneja huyohuyo.

Na tangu asubuhi ile, katika ofisi hiyo, mdogo husimama na kutoa shikamoo kama kawaida, lakini aliyemshika mwananchi hubaki alipo, na hakuna amwitaye mkaidi. Naye mkubwa, awe na cheo chochote, hawajibu marahaba kwanza. Husimama kizingitini, huligeukia benchi, humtafuta mwenye mvi nyingi zaidi, naye huinama. Akiisha kupokea marahaba yake, ndipo huwa na ya kuwapa wengine.