Salamu Ikinenepa

Salamu ikinenepa, shukrani hukonda. Mlimsikia shangazi yenu akiitamka leo arusini, mshereheshaji alipokuwa bado anataja wakubwa na pilau linapoa. Mkacheka, kisha mkaniuliza imetoka wapi. Basi sogeeni. Methali hii ilianza hapa hapa kwetu Vuagha, na ilianza hivi.

Tulipoanza kujenga kanisa letu hatukuwa na stoo. Saruji ikipata unyevu huganda mfukoni ikawa jiwe, na huku milimani ukungu huingia bila hodi. Jirani wa kiwanja alikuwa Mzee Hemedi, Mwislamu. Hakuna aliyemwomba. Aliwatoa mbuzi wake bandani, akasema, "Wekeni mifuko yenu humu." Mbuzi wakahamia jikoni kwa mkewe, Bi Mwanaidi, naye akawa anapika huku akiwafukuza wasile mboga.

Siku ya kuweka jiwe la msingi, Mzee Elinihaki, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, alisimama kushukuru. Ni mtu mwema sana, ila aliogopa kumsahau mkubwa yeyote. Alitaja kila cheo. Kila mgeni aliyechelewa alipoketi, alianza salamu upya, kama ilivyo desturi yetu. Mvua ikashuka kabla hajawafikia majirani. Mzee Hemedi akabeba kigoda chake akarudi nyumbani. Banda hakutufungia, saruji ikabaki humo. Lakini Bi Mwanaidi hakuvuka tena ua kuja kupiga soga na akina mama waliowapikia mafundi. Tukajua tumewaumiza.

Kanisa lilipokwisha, hotuba ya shukrani akapewa Nambike, katibu wa kamati. Alikwenda mwenyewe kuwaalika Mzee Hemedi na mkewe.

"Nitakuja, binti yangu," Mzee Hemedi alimjibu, "ila nitakaa mlangoni. Mvua ya siku ile bado haijanikauka."

Nambike alirudi kwangu machozi yakimlenga. "Mama, nikimkosa safari hii, tumempoteza."

Siku ya ufunguzi, askofu aliyekuja kwetu alikuwa akisubiriwa pia kwenye kanisa jingine huko bondeni. Mchungaji akamnong'oneza Nambike, "Dakika tano. Ya sita ni ya kwaya."

Nambike akasimama. "Bwana Yesu asifiwe! Ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum! Baba Askofu, na ninyi nyote kwa heshima zenu, karibuni." Salamu zikaishia hapo. Akamshukuru Mungu, kisha akawaomba mafundi wasimame. "Hawa ndio walioubomoa ukuta wa mashariki kwa hiari yao, kwa sababu haukunyooka, nasi hatukuwa tumeona." Tukawapigia vigelegele. Akageukia wafadhili, wala hakutaja kiasi cha mtu. "Aliyeleta lori la mawe, na aliyetoa yai likauzwa mnadani baada ya ibada, wote wamo kwenye msingi huu. Asanteni."

Akavuta pumzi. "Sasa majirani zetu."

Hapo hapo mlangoni pakawa na purukushani: diwani anaingia. Mzee Elinihaki akamvuta Nambike kitenge. "Mheshimiwa amefika! Anza upya!"

"Mzee wangu, muda umebaki kidogo."

"Utatuaibisha! Anza upya!"

Nambike akasema polepole, na kipaza sauti kikayanasa maneno yake, kanisa zima likasikia: "Baba, salamu ikinenepa, shukrani hukonda. Na hii ilishakonda mara moja." Kisha akainua kichwa. "Karibu, Mheshimiwa, keti. Umetukuta tukimshukuru Mzee Hemedi."

Diwani akaweka mkono kifuani, akaketi kwenye benchi la nyuma.

"Mzee Hemedi, Bi Mwanaidi, saruji yetu ililala pakavu kwa sababu mbuzi wenu walilala jikoni. Mmekula vumbi letu, mmevumilia nyundo zetu. Siku ya msingi hatukuwataja. Tulikosa. Tusameheni. Tunawashukuru ninyi, na mbuzi wenu."

Kanisa likaangua kicheko, na diwani ndiye aliyeanza kupiga makofi. Bi Mwanaidi akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika, nasi hatukujua kama anacheka au analia. Nadhani yote mawili.

Nambike alikuwa amekwisha keti, na muda wake haukuwa umekwisha. Ndipo Mzee Elinihaki akafanya jambo ambalo nampendea hadi leo. Alishuka kutoka mbele, akaenda mpaka mlangoni, akamwinua Mzee Hemedi, akakichukua kile kigoda chake kwa mikono yake miwili, akakibeba hadi mbele kabisa na kukiweka karibu na kiti chake. Mzee Hemedi akamfuata taratibu kwa fimbo yake, akaketi.

"Pole kwa mvua ile, ndugu yangu," Mzee Elinihaki akamwambia.

Mzee Hemedi akajipangusa bega, kama mtu anayehakikisha.

"Nimekauka," akasema.

Ndiyo maana, wajukuu zangu, mkipewa nafasi ya kusema mbele za watu, msiimalize kwa salamu za mlangoni. Salamu ikinenepa, shukrani hukonda.