Konzi za Bi Mwanatumu

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa pwani aliishi mwanamke mcha Mungu akiitwa Bi Mwanatumu. Alikuwa amekabidhiwa amana nzito. Tajiri mmoja aliacha shamba la mpunga liwe wakfu, na mchele wake upikwe pilau kila Ijumaa kwa mayatima arubaini wa mji ule. Siku nyingine watoto wale walikula walichojaliwa. Ijumaa ndiyo siku waliyokuwa na uhakika wa kushiba.

Bi Mwanatumu alikuwa amemzika mwanawe wa pekee, na katika nyumba yake alibaki na mjukuu, Salha, binti wa miaka kumi. Tangu msiba ule hakucheka. Aliswali, akapika, akanyamaza.

Msimamizi wa wakfu, Mzee Shaame, alimletea mizani ya shaba ili apimie mchele. Bibi alimshukuru, akaitundika ukutani, na huko ikakaa. Salha alipouliza sababu, bibi alimshika mkono akautumbukiza guniani.

"Unasikiaje?"

"Unanatanata, bibi."

"Huu ni mpya, bado una maji. Ukiupima kwa mizani utawapimia yatima maji uyaite mchele. Tena mchele mpya haunywi supu nyingi. Mizani haitakwambia hayo. Mkono utakwambia."

Basi akamfundisha. Kila mtoto konzi moja ya mchele, iliyojaa bila kumwagika. Kwa kila konzi mbili za mchele, konzi moja ya vitunguu vilivyokatwa, navyo vikaangwe kwa samli mpaka viwe na rangi ya kahawa, kwa kuwa rangi ya pilau hutoka hapo. Kwa kila konzi kumi za mchele, bizari nzima ijae shimo la kiganja, na pilipili manga nusu ya hiyo. Karafuu na iliki huchotwa kwa ncha za vidole tu, maana karafuu ikizidi hakuna kinachoonjeka tena. Nyama ichemshwe kwanza na chumvi, supu yake ionjwe, kisha mchele uliooshwa utiwe. Supu ipande juu ya mchele kwa pingili moja ya kidole, na mchele ukiwa mpya, ipungue kidogo. Ikikauka, sufuria ifunikwe na makaa yapaliwe juu ya kifuniko.

"Lakini mkono wangu mdogo," alisema Salha.

"Ndiyo maana hutapima kwa hesabu yangu. Weka ungo chini."

Bibi akamimina konzi zake tano upande mmoja. Salha akamimina zake upande wa pili mpaka mafungu yakalingana. Zilikuwa nane. "Kwa hiyo watoto arubaini ni konzi zangu arubaini," bibi alisema, "na zako sitini na nne. Usisahau, mwanangu. Hii ni haki ya watu."

Mwaka ukapita, ukaingia wa pili. Likatokea jambo lililoutikisa mji mzima. Gunia lililokuwa likiisha kwa miezi miwili likaanza kudumu hadi mwezi wa tatu, kisha zaidi, na pilau ilikuwa na ladha ile ile. Bi Mwanatumu aliliona jambo hilo akasujudu. Jioni ile Salha alimwona bibi yake akitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu kaburi la mwanawe lifukiwe.

"Mwenyezi Mungu amenipokea," alisema. "Nilidhani amenighadhibikia aliponichukulia mwanangu. Kumbe ameniteremshia baraka."

Mzee Shaame akaitangaza habari msikitini. Watu wakaja kuligusa gunia. Wengine walilipapasa kisha wakajipaka usoni, kana kwamba katani ina manukato. Binadamu hana simile akishaambiwa muujiza.

Ijumaa moja bibi aliamka na homa, akamwambia Salha atie mchele yeye. Salha akahesabu sitini na nne. Bibi alipochungulia sufuria alishtuka.

"Umezidisha! Unawamalizia yatima mchele wao!"

Salha akapunguza, lakini moyo wake haukutulia. Bibi alipopata nafuu, alimwomba wamimine tena kwenye ungo, kama mchezo. Konzi tano za bibi, konzi tano za Salha. Mafungu yakawa sawa.

Huenda ni mkono wangu uliokua, alijiambia. Akaitazama mikono ya bibi. Baridi yabisi ilikuwa imevikunja vile vidole kidogo kidogo, na nyama ya kiganja ilikuwa imenyauka. Kiganja hakikufunguka tena. Vitunguu na viungo vyote vilipimwa kwa mkono ule ule, vikapungua pamoja na mchele, ndiyo maana hakuna ulimi ulioonja kasoro.

Akaenda kwa mayatima, akamuuliza msichana mmoja, Mize, "Mnashiba?"

Mize alitazama chini. "Zamani tulishiba."

"Mbona hamkusema?"

"Watu wanasema chakula kile kina baraka. Tukaona aibu. Tukadhani sisi ndio wabaya, baraka haituingii."

Siku tatu Salha hakula vizuri. Akinyamaza, watoto arubaini watalala na njaa. Akisema, atamnyang'anya bibi yake furaha pekee aliyobaki nayo duniani. Alitamani mtu mwingine aseme. Hakuwepo. Siku ya nne alipiga magoti mbele yake, akamweleza yote huku akilia.

Bi Mwanatumu alisikiliza mpaka mwisho. Akaigeuza mikono yake, akaitazama juu na chini.

"Kumbe baraka yangu ilikuwa njaa yao," alisema.

"Hukujua, bibi."

"Niliwaona wakilamba sahani. Nikasema, pilau yangu tamu." Akafunika uso. "Nilikufundisha kuujua mkono wako. Wangu sikuuliza habari zake. Ningewauliza walaji tu, wangeniambia."

Mzee Shaame alipopata habari alimsihi bibi asilitangaze jambo hilo. Watu wameupokea muujiza, alisema, na imani zao zimepata nguvu.

"Mwenyezi Mungu hahitaji uongo wangu ili atukuzwe," alimjibu. "Na wale hawakuwa wakila imani."

Ijumaa iliyofuata, Salha alipima kwa mkono wake mwenyewe, akazidisha ili mchele uliobaki urudi kwa wenyewe. Walipokwisha kula, bibi alipita kwa kila mtoto, akamwomba radhi kwa jina lake. Wakamsamehe. Mize alimbusu mkono ule uliokunjika. Bibi aliwahesabu, akafika thelathini na tisa.

"Yuko wapi Faki?"

Wakatazamana. Faki, aliyekuwa mdogo na mdhaifu kuliko wote, alikufa kwa homa mwezi wa Rajabu uliopita, na hakuna aliyempelekea bibi habari. Kama njaa ilimpunguzia nguvu au siku yake ilikuwa imefika, Mungu ndiye ajuaye.

Bi Mwanatumu aliomba aonyeshwe kaburi lake. Hakuishi sana baada ya hapo. Kila siku alijikokota hadi kwenye kaburi dogo lile, akaomba dua, akarudi. Katika maradhi yake ya mwisho Salha alimwambia, "Bibi, Mola ni mwingi wa rehema."

"Najua, mwanangu. Rehema yake siitilii shaka. Lakini haki ya mja huombwa kwa mja, na mimi nimechelewa."

Akatoa shahada, akafariki.

Ndugu zangu, huyu alikuwa mwanamke mwema, na wema wake haukumwepusha na kosa hili. Wengi wetu tumekabidhiwa watu, na tunashukuru kwa kinachobaki mikononi mwetu bila kuwauliza kama wameshiba. Tuwaulize leo, maadamu wapo wa kutujibu.