Mzee Chungu na Masikio ya Kiboko

Jamani, nije?
— Njoo!
Nije mtupu?
— Njoo umejaa!
Nimejaa uongo na kweli, na vimechanganyika humu ndani.
— Mwaga, tutachambua wenyewe!

Haya, namwaga. Wanyama walikuwa na bwawa moja na mkubwa mmoja. Mkubwa huyo alikuwa Kiboko. Alikuwa na mwili kama kichuguu, domo kama mlango wa ghala, na masikio mawili madogo yaliyokaa juu ya kichwa kama yamesahauliwa hapo. Mvua ilipokataa mwaka wa pili, Kiboko aliamka asubuhi akalizungushia bwawa lote ua wa miiba. Akaacha kilango kimoja, na kilango hicho akakilalia yeye mwenyewe.

"Bwawa nimelifunga," akatangaza. Akapumua puani, mfuuu! Kisha akaongeza, "Kwa faida ya... wote!"

Wanyama wakaenda kumwambia wana kiu. Akasema hajasikia. Wakaenda mara ya pili. Hajasikia. Wakaenda mara ya tatu, na safari hii Punda Milia akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Kiboko akatikisa vile visikio, akauliza, "Kuna mtu amesema kitu?" Akajitosa majini, chubwi!

Basi watu wakawa wanatembea nusu siku kufuata chemchemi ya mlimani. Mtoto wa Pongo alianguka njiani, akarudishwa amebebwa mgongoni, ulimi nje. Bi Kindi aliyaona hayo. Naye alikuwa na watoto wawili kwenye tundu la mti, na maziwa yake yalikuwa yanakata.

Bi Kindi alikuwa fundi wa kuchora. Alichanganya masizi na utomvu, akachovya ncha ya mkia wake, akachora chochote ulichomtajia. Siku hiyo alimwendea shoga yake, Kasuku.

"Shoga, nataka kumchora Kiboko. Nataka picha itembee, nawe uisemee."

"Utatuua," akasema Kasuku. Halafu akasogea karibu. "Nianze na kile kipumuo chake cha puani?"

Karibu na njia palikuwa na gogo la mvule, wazi ndani kama ngoma. Wakalisimamisha juu ya jiwe la mviringo ili lizunguke, na Bi Kindi akalitafuna nyufa nyembamba kumi na mbili pande zote, gegu gegu gegu. Ndani akaweka ukanda wa ganda la mgomba lililokauka, wenye picha kumi na mbili, kila moja imepishana kidogo tu na mwenzake: mguu umeinuka, mguu umeinuka zaidi, mguu umeshuka. Punda Milia akapewa kazi ya kuzungusha. Gogo likienda, vuu vuu vuu, nawe ukichungulia kwenye nyufa, picha zinaungana, kiumbe anatembea! Na picha ya mwisho inakamatana na ya kwanza, kwa hiyo hatembei akakoma. Anaendelea tu mpaka ukanda ubadilishwe.

Mara ya kwanza Bi Kindi alikosea. Kwa hasira zake alimchora Kiboko ana pembe, ana mkia wa moto, anatafuna watoto. Wanyama wakachungulia, wakarudi nyuma kimya. Hakuna aliyecheka.

"Kiboko hana pembe," Kasuku akamwambia. "Umeongeza kisichokuwepo. Chukua kilichopo, ukivute."

Bi Kindi akakaa juu ya tawi siku nzima akimtazama Kiboko. Akamtazama na kumtazama. Kitu gani kwake kila mtu anakijua hata akiwa amefumba macho? Domo. Masikio. Na lile neno lake. Akashuka, akachukua ukanda mpya. Hakuchora kiboko tena. Alichora chungu. Chungu cha kupikia, kina miguu minne mifupi, kina domo pana kuliko tumbo, na juu ya domo masikio mawili ukubwa wa mbegu za ufuta. Akampa jina: Mzee Chungu.

Sauti ilitangulia, kuchora kukafuata. Kasuku alisema maneno kwanza, polepole, na Bi Kindi akatazama kila neno linataka mdomo gani: "wo" mdomo wa duara, "fa" meno juu ya mdomo, "mu" mdomo umefungwa. Akachora midomo minne tu akawa anaibadilisha. Miguu na tumbo akatumia vilevile kila mara, maana angechora kila kitu upya, jambo la Jumatatu lingetoka mwezi ujao limeshachacha. Naye Kasuku hakumwigiza Kiboko sawasawa. Alikivuta kile kipumuo. Kiboko alipumua mara moja, Mzee Chungu alipumua mara tatu, "Mfuuu! Mfuuu! Mfuuuuu! Kwa faida ya... ya... ya... WOTE!" na kwenye neno wote akanywa bwawa zima, gwi gwi gwi, akacheua, akauliza, "Kuna mtu amesema kitu?"

We! Wanyama walianguka chini. Pongo, ambaye hakuwa ametabasamu tangu mwanawe alipobebwa, alicheka mpaka akajishika mbavu. Hakuna aliyetaja jina la mtu. Hakuna aliyehitaji kutajiwa.

Kila Kiboko alipofanya jambo, siku ya tatu Mzee Chungu alilifanya zaidi. Kiboko akikataza watu kulamba umande kwenye majani ya ukingoni, Mzee Chungu anakataza watu kutoa jasho, eti ni maji ya umma. Watoto wakaanza kusalimiana, "Mfuuu!" na kuitikia, "Kwa faida ya wote!"

Kicheko kikafika hata kwenye masikio yale. Kiboko akamtuma karani wake, Korongo, akaangalie. Korongo akachungulia, akacheka hadi akasimama kwa mguu mmoja kwa kukosa nguvu, halafu akajifuta machozi akaenda kushtaki.

Bi Kindi akaitwa barazani, kando ya ua wa bwawa, saa nne ya asubuhi, wanyama wote wamekaa. Alikuwa amewaacha watoto kwa Kasuku, na Kasuku amekuja nao, maana hakuweza kukaa nyumbani.

"Wewe!" akanguruma Kiboko. "Leo nakukata huo mkia! Umenichora!"

"Nimemchora nani, Mheshimiwa?"

"Mimi!"

"Kwenye gogo langu kuna chungu, Mheshimiwa."

"Chungu hicho ni mimi!"

Bi Kindi akainamisha kichwa. "Mheshimiwa, mimi ni mtu mdogo na sijui mengi. Niambie tu, mnafanana wapi? Nikielewa kosa, mkia nautoa mwenyewe."

"Huoni?" Kiboko akasimama. "Ana domo pana!"

"Ana domo pana, ndiyo."

"Ana masikio yasiyosikia mtu!"

"Hayasikii, ndiyo."

"Anakunywa maji ya watu wote peke yake! Anafunga bwawa, halafu anasema ni kwa faida ya wote! Sasa huyo kama si mimi ni nani?"

Kiboko akabaki mdomo wazi. Akasikia maneno yake mwenyewe yakimrudia. Kisha mtoto wa Pongo akafanya, "Kwi!" Mama yake akamziba mdomo. Akafanya tena, "Kwi kwi!" Na baraza zima likapasuka: kwa kwa kwa kwa!

Korongo akanong'ona haraka, "Kana, Mheshimiwa! Kana!"

"Si mimi!" akasema Kiboko. "Hatufanani hata kidogo!"

"Hata mimi nasema hivyo," akasema Bi Kindi, na sasa alikuwa ameinua kichwa. "Mzee Chungu hawezi kufungua bwawa, hata umfanyeje, maana sikumchorea mkono wa kutoa. Mheshimiwa akilifungua sasa hivi, mbele ya watu, nani atawachanganya?"

Kiboko akatazama huku. Akatazama kule. Akitaka kukata mkia, yeye ndiye chungu. Akitaka kuwa si chungu, ua unaondoka. Akageuka polepole, akaweka bega kwenye miiba, akasukuma. Kachaa! Wanyama wakapita mbio, na Bi Kindi alikuwa amembeba kitinda mimba wake mdomoni.

Siku ya pili Bi Kindi alikuwa anachora peke yake, akaona kivuli kikubwa. Kiboko alikuwa amesimama, amekuja bila karani.

"Masikio yangu," akasema, "ni madogo kiasi kile?"

"Hapana, Mheshimiwa. Niliyapunguza."

"Kwa nini?"

"Tulikuja mara tatu."

Kiboko akalala chini, puu. "Baba yangu alikauka ndani ya tope," akasema. "Ngozi ilimpasuka mgongoni, nikiona. Jua likizidi siku tatu, mimi silali. Hilo mbona hukulichora?"

Bi Kindi akaona vibaya. Hilo hakulijua, na hata angelijua, asingejua aliweke wapi. Mzee Chungu alitengenezwa kwa jambo moja lililovutwa, na kila kingine cha Kiboko kilibaki nje ya ukanda.

"Haliingii kwenye chungu, Mheshimiwa," akasema taratibu. "Hilo ungetuambia mwenyewe. Tungekupaka tope mgongoni kwa zamu."

Kiboko akainuka. Kisha akasogea kwenye gogo, akafumba jicho moja. "Zungusha."

Bi Kindi akazungusha, vuu vuu, ukanda baada ya ukanda. Kiboko akachungulia. Akanuna. Akanuna zaidi. Kwenye lile la jasho la umma, kitu kikamtoka puani, mfu, wala hakikuwa hasira. "Hiyo miguu si yangu," akasema. "Yangu mirefu." Akaondoka zake.

Hajafika mbali, Korongo akatokea nyuma ya kichaka, manyoya yamemvurugika, uso umemvimba kwa uchungu.

"Bi Kindi," akasema, "nimeangalia kanda zote, tangu wa kwanza. Mimi ni karani mkuu. Mimi ndiye niliyeandika ile amri ya umande." Akavuta pua. "Mbona mimi simo?"

Na sasa funzo, wanangu, kaeni vizuri. Mkubwa hachekwi. Tena hachekwi hata akichekesha. Ukikuta chungu kimefanana na mkubwa, ni kosa la chungu, kikamatwe. Na wenye nyua za miiba, tafadhali msizifungue kwa sababu ya michoro. Fungueni kwa hiari yenu, siku moja kabla ya michoro.

Yangu imekwisha kumwagika.
— Tumeokota!
Kweli mbebe, uongo mniachie.
— Mbona vimefanana?