Kitu Kimoja Ndani ya Nyumba ya Ndoshi

Sogeeni, na anayesinzia aamshwe sasa hivi, maana nikimaliza nitauliza swali na sitaki mtu aniambie hakusikia. Hadithi hii ina vichekesho na ina damu, na damu ni nyingi zaidi. Mwenye moyo mwepesi akae katikati ya wenzake.

Katika mji wa Mwakiluba, mji wa pamba na machinjio, palikuwa na wanawake watatu.

Wa kwanza ni Kabula, mke wa Ndoshi mchinja ng'ombe. Kipaji chake kilikuwa kuona kichekesho pale ambapo mwingine angeona jeneza. Ndoshi alimpiga asubuhi, akampiga jioni, na mkono wake haukujua likizo. Jirani akimuuliza Kabula amepatwa na nini usoni, alijibu, "Mlango huo, jirani. Unanichukia tangu niolewe." Watu wakacheka, naye akaingia ndani kukanda uvimbe kwa maji ya moto.

Wa pili ni Limbu, fundi cherehani, dada yake Ndoshi wa tumbo moja. Kipaji chake kilikuwa kukata. Hakukata nguo peke yake. Kila palipokuwa na harusi, wazee walimletea hotuba zao, naye akazipunguza mpaka wageni wakala pilau ikiwa bado ya moto.

Wa tatu ni Shija, muuza mitumba sokoni. Kipaji chake kilikuwa sauti na uso. Angeweza kukuambia koti bovu lilivaliwa na balozi, uso mkavu kabisa, ukalinunua na ukamshukuru.

Basi likatangazwa shindano la vipaji, alasiri, katika ghala la zamani la pamba. Mshindi angepata nafasi moja katika chuo cha sanaa kilichoko pwani: miaka miwili, kitanda, chakula, na lango lenye walinzi usiku na mchana. Wengine walisikia chuo. Kabula alisikia lango. Alijua kwamba akibaki katika nyumba ile, mwaka hautaisha kabla hajazikwa.

Akaenda kwa wifi yake. "Wifi, nataka nisimame jukwaani niwachekeshe watu kwa habari za nyumba yangu."

Limbu akainua macho kutoka kwenye cherehani. "Ni kaka yangu huyo."

"Na haya ni meno yangu," Kabula akasema, akafunua mdomo akamwonyesha mapengo.

Limbu akafunga cherehani. "Haya. Anza."

Kabula alisimulia dakika kumi na moja, na shindano lilitoa tatu tu. Katika shindano hilo, taa nyekundu huwaka ikibaki nusu dakika, na muda ukiisha kipaza sauti huzimwa. Ambaye hajafika mwisho hapewi alama hata moja. Tena saa haisimamishwi kwa lolote. Mwaka uliotangulia mshindani mmoja alijifanya amezimia ili aongezewe muda, na majaji wakaapa kwamba hata mtu akifa kweli, saa itaendelea.

Limbu akashika mkasi wake usioonekana. Akatoa harusi. Akatoa safari ya basi na mama mkwe, ingawa mama mkwe alikuwa mama yake mwenyewe na alichekesha sana. "Mambo ni matatu hapa, wifi, na watu watabeba moja tu," alisema. "Tuwape lile la vitu vya nyumbani vinavyokupiga. Mlango kwanza, kisha kigoda, kisha mbuzi. Kila uongo uwe mkubwa kuliko uliopita, na kila jirani afanye ujinga mkubwa zaidi kuuamini."

Mwishoni Kabula alikuwa ameweka maneno ya kuwaonya wanaume wote wa dunia. Limbu akayafuta yote. Badala yake akachukua sentensi ambayo Kabula aliitupa tu katikati, huku akimenya viazi, akaipeleka mwisho kabisa. "Hapa ndipo unanyamaza. Usiseme asanteni, usiseme nimemaliza. Ukiongeza neno moja, umeiua."

Maneno yaliyobaki yalichukua dakika mbili na nusu. Kabula akalalamika kwamba nusu dakika inapotea bure.

"Hiyo ni ya kicheko," Limbu akajibu. "Wakicheka, unanyamaza mpaka kicheko kianze kushuka. Ukisema juu yake hawatakusikia. Anayejaza muda wote kwa maneno hukatwa kabla ya mwisho."

Kabula akafanya mazoezi jikoni mume akiwa machinjioni. Jirani zake wakasikia ukutani wakacheka mpaka wakalia, na mmoja wao, kwa furaha tu, akamwambia Ndoshi buchani, "Ndugu yangu, mkeo atatuua kwa vituko vyako!"

Ndoshi aliacha nyama juu ya mizani. Alimkuta Kabula amesimama mbele ya ukuta, mwiko mkononi kama kipaza sauti. Alichukua mchi wa kinu akampiga nao tayani, mara moja, na mlio ulisikika nyumba ya pili. Kisha akampiga mateke mpaka akachoka, akanawa mikono, akarudi kuuza nyama.

Hospitali walimfunga Kabula meno ya juu na ya chini kwa waya, akawa anakunywa uji kwa mrija. Aliweza kunong'ona tu kupitia meno yaliyofungwa. Shindano lilikuwa Jumamosi ile.

Alilia, lakini si kwa maumivu. Alilia kwa sababu utani wake wote ulikuwa kichwani na mlango wa kutokea umefungwa.

"Nitausema mimi," alisema Shija, rafiki yao wa sokoni, aliyekuja kumwangalia na ndizi ambazo mgonjwa hakuweza kuzila. "Jina langu litaandikishwa, kwa kuwa sheria inamtaka anayesimama. Mengine tutayaongea baadaye."

Hapo ndipo walipokosea, wasikilizaji wangu. Hakuna aliyeuliza hayo mengine ni yapi.

Limbu akamfundisha Shija siku zilizobaki. Katika utani alibadilisha jambo moja tu: kipigo cha mwisho kikawa taya. Akamzuia kupaza sauti kama yuko sokoni. Akamwambia asicheke yeye, wacheke wao. Akamwambia akishike kipaza sauti mkononi, mti wake auweke pembeni ili uso wote uonekane.

Jumamosi Kabula alikaa safu ya pili, kanga imefungwa kuanzia kidevuni hadi utosini. Shija akapanda. Hakuwasalimu watu.

"Mlango wangu unanipiga," akasema.

Ghala likacheka palepale. Shija akanyamaza, uso mkavu, akasubiri kicheko kishuke.

"Majirani waliniona jicho limevimba. Nikawaambia ni mlango. Wakakaa kikao. Seremala akaja, akaung'oa mlango, akaupeleka kwake ukatulie. Wiki iliyofuata, mkono. Nikasema nimejikwaa kwenye kigoda. Kikao tena! Kigoda kikapasuliwa kuni, na mzee mmoja akakitukana kabla ya kukipasua. Mwezi uliofuata, mbavu. Nikasema ni mbuzi. Jamani, mbuzi wangu alikuwa mpole, lakini kikao kilimkuta na hatia. Tulimla Ijumaa. Mume wangu ndiye aliyemchinja, na alipewa paja kwa kazi nzuri."

Wanaume walipiga mapaja yao kwa kicheko. Kabula alisikia waya ukimvuta taya kila alipotaka kucheka, na aliona kwamba wanawake waliomzunguka hawakucheka tena. Walikuwa wanamtazama yeye.

"Nyumba ikawa nyeupe," Shija akaendelea kwa sauti ya chini. "Hakuna mlango, hakuna kigoda, hakuna mbuzi. Na asubuhi moja nikaamka taya limevunjika. Majirani wakaja na nyundo na kamba. Wakaniuliza, mama, leo ni kitu gani?"

Hapo Ndoshi akaruka kutoka nyuma.

Alikuwa amekuja na kisu cha kuchunia. Alipita juu ya mabenchi, akawakanyaga watoto, akapanda jukwaani. Shija aliinua mkono kujikinga, na kisu kikampasua kuanzia kiwiko hadi kiganjani. Damu iliruka mpaka kwenye meza ya majaji. Alipoinua kisu mara ya pili, wapakiaji wawili wa magunia wakamrukia, wakaanguka naye sakafuni, na mmoja akang'atwa sikio. Watu walipiga mayowe. Taa nyekundu ikawaka.

Saa haikusimama. Kabula alitaka kupiga kelele, "Sema!" lakini meno hayakufunguka. Limbu alikuwa amefumba macho akihesabu kwa midomo, kwa sababu ile nusu dakika ya kicheko ndiyo iliyokuwa ikimwagika sasa pamoja na damu.

Shija alihamishia kipaza sauti mkono mzima. Mtu mwingine angewahi kusema huku watu wakipiga kelele, na sentensi ingezama. Shija alisimama, damu ikimchuruzika vidoleni, akawatazama mpaka wakanyamaza. Ndipo akamaliza.

"Nikawaambia, majirani zangu, humu ndani kimebaki kitu kimoja tu ambacho hamjakitoa."

Kipaza sauti kikazimwa.

Kisha watu wakainuka, wakamchukua Ndoshi miguu na mikono, wakamtoa nje. Huko nje hawakuwa na huruma. Walimvunja meno, walimvunja vidole, walimburuta kwenye changarawe mpaka wazee wakawasihi. Katika vurugu hiyo akaponyoka, akaingia mashamba ya pamba.

Alfajiri kibanda cha Limbu kilikuwa majivu, cherehani imeyeyuka, na Limbu mwenyewe alitolewa na majirani mgongo umeungua. Ndoshi alikuwa ametuma salamu kupitia mpita njia: "Kuna watatu. Yeyote nitakayemkuta Mwakiluba, namchinja."

Majaji waliupa utani ule ushindi, na walipojua umetengenezwa na wanawake watatu, wakawaachia wenyewe wachague wa kwenda. Jumapili gari la chuo likaja kumchukua mshindi. Jaji mkuu, Bwana Tungaraza, akasimama kando ya gari akiwa hajalala. "Nafasi ni moja, mama zangu. Nimewasihi wa chuo hadi usiku, hawana kitanda cha pili. Polisi bado wanamtafuta yule mtu. Niambieni nani."

Kabula akatangulia, akinong'ona kupitia waya. "Kipigo ni changu. Kila neno nimelilipia mwilini mwangu. Bila mimi mngesimulia nini?"

"Ungesimulia dakika kumi na moja ukazimiwa," Limbu akasema, amejikunja kwa maumivu ya mgongo. "Ile sentensi uliitupa na maganda ya viazi, nikaiokota mimi. Nusu dakika uliyoiita bure ndiyo imetuokoa. Na wewe wifi ulipoteza mume uliyemtaka akuache. Mimi nimepoteza kaka, na mama yangu amesema nisikanyage kwake."

Shija alikuwa amefungwa mkono wote. "Na nani alisimama? Nyinyi mlikuwa mmekaa. Vidole hivi viwili havitakunjika tena, na ninauza kwa mikono. Jina lililoandikwa ni langu."

Mwanzo walisema kwa upole. Kisha Kabula akamshika Shija shingoni, Shija akampiga kwa mkono mzima palepale kwenye waya, Limbu akaingia katikati akasukumwa akaangukia mgongo wake ulioungua, akapiga yowe. Wanawake waliolia pamoja hospitali sasa walikuwa wanagaagaa vumbini mbele ya mlango wa gari, na nasema wazi kwamba iliniuma zaidi kuliko kisu.

Jaji aliwatenganisha. Dereva akawasha injini, kwa kuwa njia ni ndefu. Kabula alikuwa ameshika mlango wa gari, mdomo unavuja damu, na hakuwa tayari kuuachia. Lakini wenzake nao walikuwa wameushika.

Haya, wasikilizaji wangu. Mmoja aliyaishi, mmoja aliyakata, mmoja aliyasema, na watakaobaki wawili watabaki na Ndoshi. Bwana Tungaraza amewageukia nyinyi. Mkono wa nani mtauacha mlangoni, na mikono ya nani mtaibandua?