Mkono wa Kifuani

Mkono wa kifuani nao ni mkono. Ndivyo alivyosema shangazi yenu jana harusini, yule rafiki wa bwana harusi alipomnyoshea mkono naye akauweka wake kifuani. Kijana wa watu alibaki ameuning'iniza hewani kama anayepima iwapo mvua imeanza. Mlicheka, niliwaona. Leo mmekuja kuniuliza msemo huo ulitoka wapi. Kaeni basi, na mwenye kutaka kuchezea simu akachezee nje.

Methali hii ilianza hivi, hapahapa Witu, miaka michache kabla ya uhuru.

Serikali ilituletea mwalimu kutoka bara, Mbukusu wa upande wa Kimilili, jina lake Khaemba. Alikuwa mrefu, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata siku za tope, na Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni. Alikuja na mkewe Nasimiyu, mwenye mimba ya miezi saba. Mji wakati ule ulikuwa mdogo, mgeni akishuka kwenye lori alikuwa mgeni wa watu wote. Siku hizi jirani anahamia na kuhama wala hujui alikuwa akiitwa nani. Ah! Tumetoka mbali.

Siku ya pili watu walikwenda kuwapokea. Wanaume walitangulia, wakampa Khaemba mikono, naye akaipokea kwa furaha. Kwao mkono haupewi na kuachwa hivi hivi. Hushikwa, ukatikiswa, ukashikwa tena, huku watu wakiulizana hali ya ng'ombe na ya watoto. Asiyeupokea mkono wa mtu kwao anatangaza ugomvi, au anamwambia mwenzake kwamba ni mchawi. Hilo ndilo alilolelewa nalo tangu utoto.

Kisha wakaja wanawake na masinia ya chakula. Aliyewaongoza alikuwa Bi Mwanakombo, mkunga wa mji, mama wa makamo ambaye nusu ya watoto wa Witu waliitazama dunia kwanza wakiwa mikononi mwake. Khaemba akainuka, akapiga hatua mbili mbele, akamnyoshea mkono.

Bi Mwanakombo akauingiza wake ndani ya leso, akauweka kifuani, akainamisha macho na kusema, "Karibu sana, Mwalimu. Karibu mji wako." Sauti yake ilikuwa ya upole. Lakini Khaemba hakusikia sauti. Alichoona ni mkono wake mwenyewe ukiwa peke yake mbele ya watu.

Angeweza kuyameza hayo. Kilichomchoma zaidi ni kwamba mama huyohuyo alimgeukia Nasimiyu, akamkumbatia, akamshika mikono yote miwili, akamwekea kiganja tumboni na kumwuliza mtoto anacheza upande gani. Khaemba akahesabu mambo kichwani, akapata jibu lisilo sahihi. Kumbe anajua kushika watu! Ila mimi ndiye mchafu.

Wageni walipoondoka, alimwambia mkewe, "Mama yule asiingie tena hapa."

"Baba, yule ndiye mkunga," Nasimiyu akasema. "Mwingine hakuna."

"Hospitali ipo Malindi. Siku ikikaribia nitakupakia lori."

Wiki iliyofuata Bi Mwanakombo alikuja kumtazama mja mzito wake. Alisimama pembeni ya mlango, asielekee ndani, kama desturi yetu ilivyo, akabisha hodi. Khaemba akajibu kutoka ndani, "Hapana karibu."

Wajukuu zangu, nyinyi mmezoea kengele za milango, hamjui uzito wa jibu hilo. Hata adui akibisha hodi huambiwa karibu kwanza, maneno mengine yakafuata. Bi Mwanakombo akasema, "Haya, Mwalimu. Nikihitajiwa, kwangu ni hapo penye ule mti wa mkilifi," akaenda zake. Ndani, Nasimiyu alilia. Khaemba alijifanya anasahihisha madaftari.

Mwaka ule ndio uliokuwa wa mvua kubwa. Mto Tana ulivimba ukapita kingo zake, na barabara ya Garsen ikakatika. Lori halikutoka wala halikuingia. Khaemba alikwenda kila asubuhi kuuliza habari za njia, akarudi kila asubuhi na jibu lilelile.

Siku moja, jua likiwa karibu kufika utosini, uchungu ulimshika. Khaemba alimtazama mkewe akiuma leso, akayatazama maji yaliyojaa njiani, na ubishi wote ukamtoka. Alikimbia hadi penye mkilifi bila viatu. Hapo ndipo alipoogopa. Mlangoni pake alimfukuza mtu, sasa anaujia mlango wa mtu huyo. Aliogopa kusikia jibu lake mwenyewe.

Alisimama pembeni, kama alivyosimama yeye siku ile. "Hodi!"

"Karibu!" Bi Mwanakombo akajibu hata kabla hajajua ni nani. Alipomwona, alichukua kikapu chake kilichokuwa tayari nyuma ya mlango, akamwita mumewe, Mzee Athmani, aandamane nao, akatangulia kwa hatua za haraka.

Aliingia ndani akafunga mlango. Wanaume wawili wakabaki kibarazani mwa nyumba ya mwalimu, wakisikiliza. Baada ya muda sauti ya mkunga ilipenya mlangoni. "Mtoto ametanguliza miguu. Mwalimu, omba kwa Mungu wako, nami naomba kwa wangu, ni huyo huyo mmoja." Khaemba akakaa chini ghafla.

Mzee Athmani hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini aliona huyu mgeni atazimia asipozungumzishwa.

"Mwalimu, mke wangu alikukosea nini?"

Khaemba alitaka kukanusha, akashindwa. "Alinikatalia mkono, Mzee. Mbele ya watu."

"Alikukatalia mkono, au alikukatalia salamu?"

"Kwetu ni kitu kimoja."

"Kwetu ni viwili." Mzee akakunja kanzu, akasogea. "Mwanamke wa dini yetu mwanamume anayempa mkono ni mumewe, na mwanawe, na baba yake, na nduguye wa tumbo moja, na wengine ambao hawezi kuolewa nao. Wewe si katika hao. Na siku ile alikuwa na udhu, adhuhuri imekaribia. Angekugusa, kwa madhehebu yetu udhu umevunjika. Basi salamu yako aliipokea akaiweka hapa." Akajigusa kifua. "Mimi nilikupa mkono, sikukupa?"

"Ulinipa."

"Na mkeo alishikwa mikono miwili. Nyumba yako imesalimiwa yote, Mwalimu. Wewe ulihesabu kiganja kimoja tu."

Ndani Nasimiyu aliguna, na sauti ya mkunga ikafuata, "Usisukume bado, mwanangu, nisubiri. Hivyo hivyo."

Mzee Athmani akaendelea. "Hebu niambie habari za kwenu. Mama mkwe wako, mamake huyu aliye ndani, mkikutana njiani humpa mkono?"

Khaemba akashtuka kama aliyetukanwa. "Mama mkwe? Hata! Ni mwiko kabisa! Nikimwona kwa mbali napisha njia. Nasimama kando, namsalimu nikiwa kulekule, macho chini."

"Unamdharau sana, basi."

"Namdharau? Mzee, hakuna mtu ninayemheshimu kama ..."

Mzee Athmani hakuyamalizia maneno hayo. Alitazama maji yaliyotuama njiani, akamwacha mwalimu ajifundishe mwenyewe. Na Khaemba alijifundisha. Akilini alimwona mama mkwe wake kule Kimilili, ameusogeza uso pembeni kwenye kichochoro, naye amesimama kwenye majani na mikono nyuma, wote wawili wakiwa wamejaa heshima. Kisha akamwona Bi Mwanakombo na macho yake yaliyoinama. Vilikuwa kitu kimoja. Aliona haya, akajifunika uso kwa viganja, akalia kwa kumhofia mkewe na kwa kujutia lile "hapana karibu" lake.

Alasiri ikaadhiniwa. Halafu kikasikika kilio chembamba, cha hasira, cha mtu mpya.

Mlango ulifunguliwa, Bi Mwanakombo akatoka, jasho limemlowesha leso, amechoka hata anaegemea mwimo. "Msichana. Mama mzima, mtoto mzima. Alhamdulillahi."

Khaemba aliruka. Mikono yake yote miwili ilikwisha kutangulia mbele, maana furaha haina adabu. Ikafika katikati, ikasimama. Aliirudisha taratibu, akauweka wa kulia kifuani, akainamisha kichwa kama anavyomwinamishia mama mkwe wake.

"Mulembe, mama," akasema. Ndiyo salamu ya kwao, maana yake amani. Kisha akaongeza, "Umeniokolea watu wawili, nami sina hata mkono wa kukupa. Na mlango wangu nilikufungia."

Bi Mwanakombo akauweka wake kifuani. "Amani kwako pia, mwanangu. Umekwisha kunipa. Mkono wa kifuani nao ni mkono."

Majirani waliokuja waliposikia kilio cha mtoto waliyachukua maneno hayo, na kabla ya magharibi mji wote ulikuwa nayo. Tangu siku ile Khaemba alijua kusalimu kuliko sisi wenyewe. Akibisha hodi alisimama pembeni ya mlango na kumwulizia mwenye nyumba. Akikutana na mwanamke alisimama hatua moja nyuma, akatamka salamu kwanza, akangoja. Wapo walioleta mkono, kama wake za makarani waliotoka bara, naye aliupokea kwa wepesi akauachia. Asiyeuleta, wa mwalimu ulikuwa umekwisha kufika kifuani, wala hakuna aliyeaibika. Mtoto wake alipewa jina la Mwanakombo, na mkunga alimbeba mgongoni kama mjukuu.

Baada ya miaka sita ukaja uhamisho. Mji mzima ulishuka stendi. Bi Mwanakombo, mzee sasa, alimkumbatia Nasimiyu hadi dereva akapiga honi mara tatu. Alimbusu mtoto kwenye paji na viganjani. Kisha akamgeukia Khaemba. Kati yao palikuwa na hatua moja, ileile ya siku zote, na katika miaka yote sita hawakuwahi kugusana hata kwa ncha ya kidole. Waliweka mikono kifuani.

Lori likaondoka. Watu wakapunga, wakachoka, wakaanza kurudi majumbani. Bi Mwanakombo hakupunga. Alisimama palepale, kiganja juu ya leso, na waliokuwa na macho makali walisema kwamba nyuma ya lori, katikati ya magunia, mwalimu naye alikuwa amesimama vilevile, hakuuteremsha mkono mpaka njia ilipopinda.

Hawakuonana tena. Lakini mkimwona mtu ameweka mkono kifuani, msicheke, wala msidhani mmenyimwa kitu. Mkono wa kifuani nao ni mkono.